Kusimulia Kisa katika Hotuba ya Kazini: Tatizo, Mapambano na Funzo

Katika mada ya utungaji umekwisha kujifunza kwamba hotuba ina utangulizi, kiini na hitimisho. Mgawanyo huo ni sahihi, na katika mtihani utaendelea kuufuata. Upungufu wake ni kwamba haukuambii uweke nini ndani ya kiini. Wanafunzi wengi hukijaza kwa hoja tano zilizopangwa kwa "kwanza", "pili" na "tatu". Msahihishaji atakupa alama zako, lakini ukiisoma hotuba hiyo mbele ya watu wa kazini, dakika ya pili utaona wameanza kutazama simu zao.

Sehemu hii inaeleza njia mojawapo ya kujaza kiini hicho unapotakiwa kuzungumza kuhusu kazi. Hotuba ya kazini ni maelezo mafupi anayoyatoa mfanyakazi mbele ya wenzake, wakubwa wake au wateja, kuhusu jambo lililotokea kazini na linalodai mabadiliko. Hutolewa kwenye kikao cha asubuhi, kwenye semina au kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Mara nyingi huwa ya dakika 5 hadi 10. Njia tutakayoifuata ni ya kisa chenye sehemu tatu: tatizo, mapambano na funzo.

Kuzitaja sehemu hizo ni rahisi, na wanafunzi wangu huzikariri kwa siku moja. Wanapokwama ni kwenye sehemu ya pili, kwa hiyo nguvu zetu nyingi tutaziweka hapo.

Mtu mmoja, mashine moja, hotuba mbili

Mwaka 2007 mkutano wa TED ulifanyika Arusha. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwa kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba, ambaye alikuwa amejenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme nyumbani kwao kijijini. Alizungumza kwa muda mfupi sana, akijibu maswali ya mwenyeji wake huku picha za kinu zikionyeshwa. Watu walimshangilia, maana kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Lakini walichokipata siku ile kilikuwa matokeo tu: kuna kinu, kinafanya kazi, na huyu ndiye aliyekijenga.

Mwaka 2009 alisimama tena katika mkutano kama huo mjini Oxford, Uingereza. Alianza kwa kukiri kwamba kule Arusha hofu ilimshika hata Kiingereza kikampotea, na kwamba kuna kisa ambacho hakukisimulia. Kisha akakisimulia kwa muda wa kama dakika 6. Mtu ni yule yule na mashine ni ile ile. Tazama jinsi alivyokipanga.

Alianza na tatizo. Familia yao ilikuwa ya wakulima wa mahindi, na mwaka 2001 njaa kubwa iliikumba Malawi. Nyumbani kwao wakawa wanakula mlo mmoja tu kwa siku, usiku, na kila mmoja akipata matonge matatu ya sima. Ada ya sekondari ikakosekana, akaacha shule. Hakusema kwamba "uchumi ulikuwa mgumu" wala kwamba "changamoto zilikuwa nyingi". Alihesabu matonge.

Kisha mapambano. Alikwenda maktaba na kusoma vitabu vya fizikia, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alitazama michoro na kubahatisha maana ya maneno yaliyoizunguka. Kitabu kimoja kilieleza kwamba kinu cha upepo kinaweza kupampu maji na kuzalisha umeme. Maji yalimaanisha umwagiliaji, na umwagiliaji ulikuwa kinga ya njaa. Lakini hakuwa na vifaa. Kwa hiyo akaenda kwenye jaa la vyuma chakavu, akaokota feni ya trekta, shokapu na mabomba ya plastiki, akaviunga na fremu ya baiskeli na dainamo kuukuu. Watu wengi, mama yake akiwa mmoja wao, walimwona amerukwa na akili. Kinu kikawasha taa moja, baadaye nne.

Funzo akalitoa mwishoni kwa sentensi chache tu, akiwalenga watu wenye hali kama yake: wajiamini na wasikate tamaa.

Ukilitenga funzo hilo peke yake, ni la kawaida mno. Umelisikia kwenye kila mahafali. Lakini mtu aliyemsikiliza Kamkwamba hakuliona la kawaida, kwa sababu alikuwa amekwisha kupita naye kwenye jaa la vyuma. Uzito wa funzo hutoka kwenye mapambano yaliyolitangulia. Ndiyo sababu wanaoanza na funzo, kisha wakatafuta kisa cha kulipamba, hushindwa.

Sehemu tatu kwa undani

Tatizo ni jambo moja lililotokea mahali fulani, wakati fulani, na likamgharimu mtu fulani. "Huduma duni kwa wateja" si tatizo la kisa, ni kichwa cha semina. "Jumamosi mama mmoja alisubiri dawa dirishani kwetu kuanzia saa 2 mpaka saa 7, mtoto akiwa mgongoni" ni tatizo. Ukitaka kujua kama tatizo lako limebana vya kutosha, jiulize kama msikilizaji anaweza kulichora. Kama hawezi, bado ni pana.

Mapambano ni yale uliyoyajaribu, kwa mpangilio ulivyoyajaribu, pamoja na yale yaliyoshindikana. Hapa pana tofauti ambayo wanafunzi huikosa. Kueleza jinsi kazi ilivyokuwa ngumu si mapambano, ni malalamiko. Kueleza hatua zote ulizozifuata mpaka ukafanikiwa nako si mapambano, ni taarifa ya kazi. Mapambano yanahitaji angalau uamuzi mmoja uliokuwa na sababu nzuri ulipoufanya, na ukatokea kuwa si sahihi. Msikilizaji akisikia sababu hiyo hujisemea, "Hata mimi ningefanya hivyo." Kuanzia hapo hasikilizi habari zako tena, anasikiliza zake.

Kuna kipimo rahisi cha kukagua sehemu hii. Chukua rasimu yako uangalie maneno yanayounganisha matukio. Ukiona "halafu", "halafu", "baada ya hapo", una orodha. Ukiona "lakini" na "kwa hiyo", una kisa, maana kila tukio limezaliwa na lililotangulia. Rudi kwa Kamkwamba: maji yangeokoa shamba, *lakini* vifaa havikuwapo, *kwa hiyo* akaenda jaani.

Funzo ni kile ambacho sasa unakijua na hukukijua mwanzoni. Katika hotuba ya kazini funzo lina jukumu la ziada: lazima lifuatwe na jambo ambalo wasikilizaji wataombwa kulifanya. Bila ombi watu watakupigia makofi, na kesho wataendelea kama jana. Ukitaka kulipima funzo, lifunike fungu la mapambano kwa karatasi, kisha usome tatizo na funzo tu. Kama funzo bado linajitosheleza, basi halikutoka kwenye kisa. Ulikuwa nalo tangu mwanzo ukalibandika.

Kuhusu muda, hotuba ya dakika 5 ni sawa na maneno kati ya 450 na 550 kwa msemaji asiyekimbia. Tatizo lichukue kama dakika 1, mapambano dakika 3, funzo na ombi dakika 1. Wanafunzi wengi hufanya kinyume. Wanatumia dakika 3 kueleza historia ya ofisi, wanayagusa mapambano kwa sentensi mbili, kisha wanahubiri.

Mfano wa kufanyia kazi: maziwa yaliyorudi

Kisa kifuatacho nimekitunga, ila vipimo na vifaa vinavyotajwa ndivyo vinavyotumika kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Msemaji ni msichana aliyemaliza kidato cha nne, ameajiriwa na chama cha ushirika cha wafugaji. Kazi yake ni kupokea maziwa asubuhi, kuyapima na kuyamimina tangini kabla gari la kiwanda halijafika. Amepewa dakika 5 kwenye mkutano wa chama, mbele ya viongozi na wafugaji.

Hii ndiyo rasimu yake ya kwanza:

> Ndugu wajumbe, kituo chetu kimekuwa kikikabiliwa na changamoto ya ubora wa maziwa. Sababu ni pamoja na uchafu wa vyombo, kuchanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi, na kutopima ipasavyo. Ili kutatua changamoto hii, napendekeza elimu itolewe kwa wafugaji, vyombo bora vinunuliwe na upimaji uimarishwe. Tukishirikiana tutafanikiwa.

Hakuna kosa la kisarufi hapo, na kila kilichosemwa ni cha kweli. Lakini hakuna mfugaji aliyeketi pale atakayefikiri kwamba anayezungumziwa ni yeye. Kila mmoja ataamini dumu chafu ni la jirani.

Kabla ya kuandika rasimu ya pili, msemaji alijibu maswali matatu kwenye karatasi. Niliona lini kwamba kuna jambo baya? Nilikosea wapi kabla ya kupatia? Nataka watu wakitoka hapa wafanye nini? Swali la pili ndilo lililomchukua muda, kwa sababu jibu lake lilimhusu mzee mmoja ambaye angekuwapo mkutanoni. Alifanya jambo la busara: alikwenda kwanza nyumbani kwa mzee yule kuomba ruhusa. Kisa chako cha kazini karibu kila mara kina mtu mwingine ndani yake, na mtu huyo hapaswi kushtukizwa mbele ya hadhira. Kama hujapata ruhusa, ondoa kila kinachoweza kumtambulisha, au tafuta kisa kingine.

Rasimu ya pili ilikuwa hivi:

> Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu na wafanyakazi wenzangu, shikamooni.
>
> Mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, saa 8 mchana, gari la kiwanda lilirudi kituoni kwetu likiwa bado limejaa. Lita 600. Dereva alinipa karatasi yenye neno moja: yamechacha. Siku ile kaya 43 hazikupata malipo. Ijumaa likarudi tena.
>
> Mimi ndiye ninayepokea maziwa mlangoni, kwa hiyo swali lilikuwa langu. Watu walikuwa wananong'ona kwamba kuna mtu anatia maji. Asubuhi nikachukua laktomita. Dumu la kwanza lilikuwa la mzee wangu anayeishi hapa jirani na kituo, likasoma 25. Mnajua wote kwamba maziwa halisi husoma kati ya 26 na 32. Nikaandika jina lake kwenye daftari, nikamwambia mbele ya watu asilete tena maziwa mpaka kikao kikae. Hakunijibu neno. Alibeba dumu lake akarudi nalo nyumbani.
>
> Lakini wiki iliyofuata, mzee hayupo, gari lilirudi tena. Kwa hiyo nikasema basi tatizo ni gari, linachelewa. Nikamwomba dereva afike saa 2 badala ya saa 4. Kijana wa watu akawa anaondoka kwake alfajiri. Lakini gari likarudi mara ya nne.
>
> Siku ile nilibaki kituoni peke yangu, laktomita mkononi, nikajiuliza: chombo hiki kinapima nini hasa? Kinapima kama maziwa ni mazito au mepesi. Kiwanda hakikusema maziwa yetu ni mepesi. Kilisema yamechacha. Nilikuwa nimetafuta mwizi wa maji katika kosa ambalo halikuwa la maji.
>
> Kwa hiyo nikaanza upya. Kila dumu likifika, kabla ya kulimimina, nilichukua mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya kupimia, nikatikisa. Maziwa mazuri hubaki laini, yaliyoanza kuchacha hufanya chembechembe, hata kama hayajatoa harufu. Siku ya tatu dumu la 17 likafanya chembechembe. Mwenyewe, mama mmoja wa kutoka mbali, alishangaa kuliko mimi, maana dumu aliliosha. Nikajaribu kuingiza mkono ndani, haukupita mdomoni. Akaniruhusu nilipasue kwa kisu. Kwenye kona za ndani kulikuwa na utando wa njano. Na asubuhi ile alikuwa ameongeza maziwa mapya juu ya yale ya jioni, kwa sababu jioni hana mtu wa kumtuma.
>
> Dumu moja kama lile likiingia tangini, linachachisha lita 600.
>
> Kisha nikarudi kwa mzee wangu. Nilipima tena maziwa yake, safari hii yakiwa yamepoa. Yalisoma 28. Anaishi karibu, alikuwa anayaleta yakiwa bado na joto la ng'ombe, na maziwa ya moto huifanya laktomita izame zaidi. Mzee wangu, uko hapa, na nilikuomba ruhusa ya kulisema hili: nilikukosea.
>
> Nilichojifunza ni kupima kile ninachokishuku. Tangu kila dumu lianze kupimwa kwa alkoholi kabla ya kumiminwa, wiki 3 sasa, gari halijarudi. Naomba mkutano huu uamue mambo mawili. Kipimo hicho kiwe sharti kwa kila dumu, hata la mwenyekiti. Na chama kinunue keni za aluminiamu zenye mdomo mpana kwa kaya zinazotoka mbali, zikatwe kidogo kidogo kwenye malipo. Ahsanteni.

Tuichambue

Tatizo limekamilika ndani ya sentensi chache: saa 8 mchana, lita 600, kaya 43 bila malipo. Hakuna aliyeambiwa kwamba hali ilikuwa mbaya. Amepewa vitu vitatu vya kuhesabu, ameona mwenyewe.

Katika mapambano kuna makosa mawili, na yote yana sababu. Kumshuku mzee kulikuwa na ushahidi, maana kipimo kilisoma 25. Kulishuku gari kulikuwa na mantiki, maana maziwa yakikaa kwenye joto huchacha. Msikilizaji anakwenda naye kwenye kila kosa. Angalia pia kwamba msemaji anaeleza vipimo kwa kiasi kile tu ambacho kisa kinakihitaji. Angeweza kueleza kwamba laktomita husomwa maziwa yakiwa na nyuzijoto 20 hivi, na kwamba kwa kila nyuzi inayozidi hapo usomaji hushuka kwa takriban 0.2. Ni maarifa sahihi, na kwenye semina ya wapokea maziwa yangefaa sana. Hapa yangekatisha kisa katikati. Alichagua maneno "joto la ng'ombe", na kila mfugaji alielewa.

Sasa tazama jambo ambalo lingeweza kumharibia. Kisa chake kina mafunzo mawili yanayogombana: kwamba dumu moja linaharibu tangi zima, na kwamba hatupaswi kumhukumu mtu upesi. La pili linavutia zaidi, na wanafunzi wengi wangelikimbilia wamalizie kwa mahubiri juu ya kusameheana. Lakini mkutano haukuitishwa kwa ajili hiyo, na mzee angegeuzwa kielelezo badala ya kuombwa radhi. Msemaji alichagua funzo moja linalobeba yote mawili, yaani kupima kile unachokishuku, na mara moja akaliunganisha na maombi mawili yanayoweza kupigiwa kura. Hotuba moja ibebe funzo moja. La ziada liache, hata kama linakuuma kuliacha.

Lifanyie lile jaribio la kufunika. Ukiondoa mapambano, maneno "kupima kile ninachokishuku" yanakuwa kitendawili. Yanahitaji laktomita, gari na dumu la 17 ili yaeleweke. Hiyo ndiyo dalili kwamba funzo limetoka ndani ya kisa.

Jambo la mwisho ni nafasi ya msemaji mwenyewe. Angeweza kabisa kujisimulia kama shujaa aliyegundua siri. Badala yake yeye ndiye anayekosea, na vitu vingine, yaani karatasi ya dereva, kipimo na mama mwenye dumu, ndivyo vinavyomfundisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuzungumza mbele ya walimu wenzangu kuhusu jinsi nilivyopandisha ufaulu wa darasa langu. Nilikuwa na kurasa nne za mafanikio matupu. Nilipomaliza, aliyekuwa jirani yangu aliniuliza swali moja tu: kama nina chaji ya simu. Wenzako wakisikia hukuwahi kukosea, hawana pa kushika.

Kosa lililo kinyume chake lipo pia. Mtu anaweza kuzidisha kujilaumu mpaka hadhira ianze kumhurumia na kusahau tatizo. Kosa litajwe mara moja, kwa maneno ya kawaida, kisa kiendelee. Msichana wetu alisema "nilikukosea", kisha akaingia kwenye ombi.

Mahali ambapo njia hii haifai

Usitumie kisa pale watu wanapohitaji kujua jambo la kufanya sasa hivi. Kama mtambo unavuja gesi, sema utokeapo mlango wa dharura. Kisa kitasubiri kikao cha kesho. Vilevile taarifa ya mapato na matumizi haihitaji mapambano, inahitaji jedwali. Na kama jambo lenyewe bado halijapata ufumbuzi, usitunge mwisho. Unaweza kusimulia tatizo na yale uliyojaribu, kisha ukawaombea wenzako mawazo. Hapo ombi lako ndilo linalochukua nafasi ya funzo.

Katika mtihani, kumbuka kwamba kisa hiki hukaa ndani ya kiini. Utangulizi wa hotuba bado unahitaji itifaki, yaani kuwataja wahusika kwa vyeo kuanzia mkubwa, na hitimisho bado linahitaji shukrani. Itifaki iwe fupi. Swali likisema "andika hotuba utakayoitoa", andika kwa nafsi ya kwanza na uzungumze na hadhira moja kwa moja. Wapo wanaoanza "Mheshimiwa Mwenyekiti" na kufika aya ya tatu wakawa wanaandika insha ya maelezo. Hapo alama za muundo hupotea.

Zoezi

1. Soma tena rasimu ya kwanza ya mpokea maziwa. Taja mambo matatu yaliyomo humo ambayo msikilizaji hawezi kuyachora kichwani, na kwa kila moja andika sentensi moja inayochoreka.

2. Katika rasimu ya pili, pigia mstari kila "lakini" na "kwa hiyo". Eleza ni tukio gani lililozalisha lipi.

3. Fundi pikipiki amepewa dakika 5 kuzungumza na mafundi wanagenzi. Pikipiki moja ilirudishwa kwake mara tatu kwa sababu ilikuwa inazimika ikiwa barabarani. Mara ya kwanza alibadilisha plagi, mara ya pili akasafisha kabureta, mara ya tatu akagundua kwamba tundu dogo la hewa kwenye mfuniko wa tangi limeziba, hivyo petroli ilikuwa haishuki vizuri. Andika hotuba yake kwa maneno yasiyopungua 450 na yasiyozidi 550. Toa sababu nzuri kwa kila kosa lake, chagua funzo moja, na umalizie kwa jambo moja atakalowaomba wanagenzi walifanye kila pikipiki inapoingia gereji.

4. Mwenzako ameandika funzo lifuatalo mwishoni mwa hotuba hiyo hiyo ya fundi: "Bidii ni muhimu katika kazi." Tumia jaribio la kufunika kuonyesha kasoro yake, kisha uliandike upya.